Wateja wamepungua kidogo, faida imeanguka yote: hesabu ya mashine tatu za kusaga

Msikilizaji mmoja mwenye mashine ya kusaga alituandikia ujumbe baada ya kipindi cha biashara. Anasema wateja wake wamepungua, lakini si sana: kwa kila debe tano alizokuwa anasaga, sasa anasaga nne. Ajabu kwake ni kwamba faida haikupungua kwa kiasi hicho. Imekwisha yote, na mwezi uliopita aliongezea fedha kutoka mfukoni ili alipe rejesho la mkopo. Anauliza kama kijana anayemwendeshea mashine anamwibia.

Inawezekana anaibiwa, sisi hatujui. Lakini hesabu yake inaweza kutokea hivyo hivyo bila mtu yeyote kuiba hata shilingi mia. Redioni muda ulikuwa mdogo na tarakimu hazisikiki vizuri hewani, kwa hiyo tumeiandika hapa. Isome taratibu, na kikokotoo cha simu kiwe karibu.

Tuseme kijiji kimoja kina mashine tatu za kukoboa na kusaga. Moja iko Njiapanda, ya pili Sokoni, ya tatu karibu na Shuleni. Zote zinatoza shilingi 2,000 kwa debe na kila moja inasaga debe 1,500 kwa mwezi wa kawaida. Mauzo ya kila moja ni shilingi milioni 3. Bei hizi ni za mfano tu. Za kwenu zinaweza kuwa tofauti, ila njia ya kuhesabu ni ile ile.

Mzee wa Njiapanda hana mashine yake. Ameikodi kwa mapatano ya kumlipa mwenye mashine shilingi 800 kwa kila debe iliyosagwa. Umeme unamla shilingi 500 kwa debe, na kibarua analipwa 200 kwa debe. Jumla kila debe inamgharimu 1,500 na inamwachia 500. Kitu pekee anacholipa hata asiposaga ni pango na ushuru mdogo mdogo, shilingi 150,000 kwa mwezi. Debe 1,500 zikimwachia 500 kila moja ni 750,000. Toa 150,000, anabaki na faida ya 600,000.

Mama wa Sokoni amenunua mashine kwa fedha zake mwenyewe. Kila debe inamgharimu umeme wa 500 tu, hivyo inamwachia 1,500, mara tatu ya mzee wa Njiapanda. Lakini kuna vitu analipa mashine ikiunguruma au ikinyamaza. Waendesha mashine wawili wana mishahara, jumla 600,000. Mlinzi ni 200,000 na pango 200,000. Matengenezo, yaani nyundo, chekeche, beringi na mikanda, anayatengea 300,000. Na kwa sababu mashine huchakaa, kila mwezi anaweka kando 350,000 ili siku moja anunue nyingine. Jumla ni 1,650,000. Debe 1,500 zinamletea 2,250,000. Toa 1,650,000, naye anabaki na 600,000.

Kwa hiyo mwezi wa kawaida wote wawili wana faida sawa. Ukiwaona wanapokea fedha dirishani huwezi kujua nani yuko salama kuliko mwenzake.

Sasa wateja wapungue kwa asilimia 20, kutoka debe 1,500 hadi 1,200. Labda mvua ilikuwa mbaya na mahindi ni machache majumbani, labda watu wameanza kununua unga wa dukani.

Njiapanda: debe 1,200 mara 500 ni 600,000, toa 150,000, inabaki 450,000. Faida imepungua kwa robo.

Sokoni: debe 1,200 mara 1,500 ni 1,800,000, toa 1,650,000, inabaki 150,000. Faida imepungua kwa robo tatu.

Kushuka kwa wateja ni kule kule, kijiji ni kile kile, lakini mmoja amepoteza 150,000 na mwenzake 450,000. Sababu ni gharama za kudumu, zile zisizojali umesaga debe ngapi. Mwendesha bodaboda wa hesabu analijua hili kuliko mwalimu yeyote: mvua inyeshe, abiria wasitoke, hesabu ya tajiri jioni ni ile ile. Kila abiria anayekosekana anakatwa kwenye chako, hakatwi kwenye cha tajiri.

Waliosoma fizikia watakumbuka wenzo, na fundi wa magari atakumbuka mtaimbo. Ukisukuma kidogo upande mmoja, upande wa pili unakwenda sana. Gharama za kudumu ni wenzo wa namna hiyo: mauzo yakisogea kidogo, faida inaruka. Na inaruka pande zote mbili. Mavuno yakiwa mazuri na kila mashine ikasaga debe 1,800, mzee wa Njiapanda anapata 750,000, lakini mama wa Sokoni anapata 1,050,000. Hivyo hatusemi kwamba mama alikosea kununua mashine. Amechagua biashara yenye kilele kirefu na shimo refu.

Urefu wa wenzo wako unaweza kuupima. Chukua mauzo ya mwezi, toa gharama zinazopanda na kushuka pamoja na kazi, kisha gawanya kwa faida. Njiapanda ni 750,000 kwa 600,000, sawa na 1.25. Sokoni ni 2,250,000 kwa 600,000, sawa na 3.75. Maana yake, kila asilimia moja ya wateja inayopotea inaondoka na asilimia 1.25 ya faida ya mzee, na asilimia 3.75 ya faida ya mama.

Namba hiyo haisimami mahali pamoja, na hapa wengi huteleza. Kadiri faida inavyokuwa ndogo, ndivyo wenzo unavyorefuka. Mama akiwa ameshashuka hadi debe 1,200, gawanya upya: 1,800,000 kwa 150,000 ni 12. Akipoteza asilimia nyingine 5 ya wateja, debe 60 tu, faida yake inashuka kwa asilimia 60. Ndiyo maana biashara ya namna hii huonekana iko sawa kwa muda mrefu, halafu inaporomoka ndani ya miezi miwili na majirani wakaanza kutafuta mchawi.

Sasa twende Shuleni, kwa kijana mwenye mashine ya tatu. Mashine yake ni sawa kabisa na ya mama wa Sokoni: umeme ule ule, mishahara ile ile, gharama za kudumu zile zile za 1,650,000. Tofauti ni fedha za kuanzia. Mradi wote, pamoja na mota na kuvuta umeme, uligharimu milioni 16. Mama alizitoa zote mfukoni, akiwa ameuza ng'ombe na kipande cha shamba. Kijana alikuwa na milioni 6, akakopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 200,000.

Mwezi wa kawaida mashine inampa 600,000 kama ya mama. Anatoa riba, anabaki na 400,000. Wateja wakishuka hadi debe 1,200, mashine inampa 150,000, na riba ni 200,000. Ana hasara ya 50,000. Mama na kijana wameshuka ngazi ile ile, ila kijana amefika chini ya sakafu.

Huu ni wenzo wa pili, wenzo wa mkopo. Wa kwanza unatoka kwenye namna unavyofanya kazi: mashine, mishahara, pango. Wa pili unatoka kwenye namna ulivyopata fedha za kuanza. Nao unapimika: gawanya faida kabla ya riba kwa faida baada ya riba. Kwa kijana ni 600,000 kwa 400,000, sawa na 1.5.

Ni namba ndogo, na mtu anaweza kuona mkopo haukuongeza hatari sana. Lakini wenzo hizi mbili hazijumlishwi, zinazidishwa. Kijana ana 3.75 ya mashine na 1.5 ya mkopo. Zidisha, unapata 5.6 na kidogo. Wateja wakipungua kwa asilimia 20, faida yake inapungua kwa zaidi ya asilimia 100, yaani inakwisha na kuingia hasara. Hilo ndilo jibu la msikilizaji wetu. Debe moja kati ya tano inatosha kumaliza faida yote ya mtu aliyeshika wenzo zote mbili kwa wakati mmoja.

Mbona basi watu wanakopa? Kwa sababu wenzo wa mkopo nao unainua. Mwezi wa debe 1,800 mama anapata 1,050,000 kutokana na milioni 16 zake. Kijana akishatoa riba anapata 850,000 kutokana na milioni 6 tu za kwake. Shilingi yake imefanya kazi zaidi ya mara mbili ya shilingi ya mama. Mpaka uko hivi: asilimia 2 ya milioni 16 ni 320,000. Mashine ikizalisha faida inayozidi hapo kabla ya riba, fedha ya kukopa inamsaidia kijana. Ikizalisha chini ya hapo, yeye ndiye anayeilisha riba kutoka kwenye fungu lake.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya faida peke yake hailionyeshi. Taasisi ya mikopo haichukui riba tu, inachukua rejesho, ambalo ni riba pamoja na sehemu ya deni lenyewe. Rejesho la kijana ni 400,000 kila mwezi kwa miezi kama 35. Ile 200,000 ya ziada si gharama kwenye hesabu ya faida, kwa sababu inapunguza deni lake, lakini mfukoni inatoka kama fedha nyingine yoyote.

Tazama mwezi mbaya wa debe 1,200. Mashine imempa 150,000. Rejesho ni 400,000. Kimahesabu hana uwezo wa kulipa, ila siku ya rejesho inafika na analipa, tena bila kukopa kwa jirani. Ametoa wapi? Ametoa kwenye ile 350,000 ya kununua mashine nyingine. Hajaiweka. Jumlisha 150,000 na 350,000 ni 500,000. Lipa 400,000, bado ana 100,000 ya kula nyumbani. Afisa mikopo anamsifu kwa kulipa kwa wakati.

Anaweza kwenda hivyo mwaka mzima. Kisha mwezi mmoja mbaya zaidi anagusa na fungu la matengenezo. Nyundo zilizolika hazibadilishwi, unga unatoka chenga, akina mama wanahamia Sokoni. Au beringi inakufa na mota inaungua. Siku hiyo kijiji kinasema mota ndiyo imemfilisi. Mota imemaliza tu kazi iliyoanza pale alipoacha kuweka akiba ya uchakavu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkopo umekuzidi, usiangalie kama unalipa rejesho. Angalia unalilipa kwa fedha ipi. Kama fungu la mashine mpya halijaongezeka kwa miezi mitatu, dalili imeshajitokeza hata kama huna deni la nyuma hata siku moja. Kwa kijana wetu, ili alipe rejesho na bado aweke akiba yote, anahitaji debe 1,367 kwa mwezi, ambazo haziko mbali na zile 1,500 za kawaida. Namba kama hiyo ni ya kuiandika ukutani kabla ya kusaini mkopo.

Mpaka hapa mzee wa Njiapanda anaonekana ndiye mwerevu kuliko wote. Asichangamke mapema. Kukodi kwa debe kunamkinga wateja wanapopungua, lakini hakumkingi bei inaposhuka. Tuseme inakuja mashine ya nne na wote wanalazimika kushusha bei kutoka 2,000 hadi 1,800, huku wateja wakibaki 1,500. Debe yake iliyokuwa inamwachia 500 sasa inamwachia 300, na faida inakuwa 300,000. Ya mama wa Sokoni nayo inakuwa 300,000. Wote wamepoteza nusu. Wateja wakipungua, mzee analipa mwenye mashine kidogo na umeme kidogo. Bei ikishuka, umeme na kodi ya mashine vinabaki vile vile kwa kila debe. Kijana wa Shuleni, akitoa riba, anabaki na 100,000 kati ya 400,000 zake. Ukiwa na mkopo, vita ya bei na mtu asiye na mkopo ni vita ambayo mwenzako anaweza kukaa akisubiri.

Mambo haya hayako kwa mashine za kusaga tu. Shirika la ndege la Kenya Airways liliingia kwenye mpango mkubwa wa kununua ndege mpya, kwa kiasi kikubwa kwa fedha za mkopo. Ndege ikiruka na viti nusu tupu, mafuta mengi yanaungua vile vile, marubani wanalipwa vile vile, na marejesho ya ndege yanadaiwa vile vile. Wenzo zote mbili zilikuwa ndefu. Abiria wakasuasua, kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi nchini Kenya na ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika likatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25 za Kenya. Kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini tiba iliyokuja mwaka 2017 inaonyesha kidonda kilikuwa wapi: sehemu ya madeni iligeuzwa kuwa hisa, na mabenki yaliyokuwa yanadai yakawa wamiliki. Hisa hazina siku ya rejesho.

Turudi kijijini, kwa mtu aliyeshakopa na hawezi kurudisha mashine. Wenzo wa mkopo ni mgumu kuufupisha ukiwa peke yako, kwani mkataba umeshasainiwa. Wa gharama za kudumu unaweza kuugusa kesho asubuhi. Tuseme kijana wa Shuleni anakubaliana na waendesha mashine wake wawili kwamba badala ya mshahara wa jumla ya 600,000, watalipwa 400 kwa kila debe. Mwezi wa kawaida wanapata 600,000 ile ile. Lakini gharama zake za kudumu zimeshuka hadi 1,050,000, na kila debe sasa inamwachia 1,100.

Wateja wakianguka hadi debe 1,200, mashine inampa 270,000 badala ya 150,000. Anatoa riba ya 200,000, ana faida ya 70,000. Mkopo ni ule ule na wateja ni wale wale, ila hayuko tena kwenye hasara. Mwezi mzuri wa debe 1,800 atapata kabla ya riba 930,000 badala ya 1,050,000. Hiyo 120,000 aliyoikosa ndiyo bei ya kulala usingizi.

Ila tuseme ukweli wote: hatari haikupotea, imehamia kwa vijana wawili wanaokula vumbi la unga. Mwezi wa debe 1,200 wao watapata 480,000 kwa pamoja. Mtu mwenye mtoto anayenyonya hawezi kubeba hilo kirahisi, na akiona kazi ya vibarua shambani inalipa, ataondoka. Wapo wenye mashine wanaokutana katikati: mshahara mdogo wa uhakika na nyongeza kwa debe. Mimi naona hiyo ni haki zaidi, hata kama wenzo haufupiki sana.

Upande wa mkopo, nafasi nzuri ya kuzungumza ni kabla ya kusaini. Uliza riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote hadi mwisho. Asilimia 2 kwenye milioni 10 zote kwa miezi yote 35 ni riba ya milioni 7. Kwenye deni linalopungua, kama la kijana wetu, ni kama milioni 4. Uliza pia kama rejesho linaweza kufuata msimu, kubwa miezi ya baada ya mavuno, dogo wakati maghala yako matupu. Baadhi ya vyama vya akiba na mikopo na taasisi zinazokopesha wakulima hukubali mpango wa namna hiyo. Na kama tayari unalipa na fungu la mashine mpya limeacha kuongezeka, nenda kwa afisa mikopo sasa, ukiwa bado hujakosa rejesho hata moja, na hesabu yako ya debe mkononi. Kurefusha muda wa mkopo kunaongeza jumla ya riba, lakini kunapunguza kiasi cha kila mwezi. Mtu anayelipa kwa wakati husikilizwa kwa mlango wa mbele. Aliyechelewa miezi mitatu huitwa kuzungumzia dhamana.

Kwa msikilizaji aliyetuandikia: umetuambia idadi ya debe na rejesho, lakini hujatuambia unalipa mishahara kwa mwezi au kwa debe, wala kama kuna fedha unayoweka kando kwa ajili ya uchakavu. Tutumie hizo mbili kwa namba ile ile ya kipindi, tutakufanyia hesabu yako hewani bila kutaja jina. Kijana wako mwache kwanza.